Panga funguo kwa ngazi, si kwa ukubwa

Nilikuwa na jedwali la mafungu ya anwani za IP, kama milioni moja hivi, kila fungu likiwa na nchi yake na likijulikana kwa anwani yake ya mwisho: namba ya biti 32. Anwani ikiingia, natafuta mwisho wa kwanza usiopungua anwani hiyo. Jedwali lilijengwa upya kila usiku, mchana kutwa halibadiliki. Nilitafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, hatua 20 tu, na bado programu ilitumia muda mwingi ikisubiri kumbukumbu.

Sababu ni kwamba prosesa haichoti namba moja. Huchota mstari mzima wa kache, baiti 64 kwenye mashine nyingi, yaani funguo 16 kama zangu. Katika safu iliyopangwa kwa ukubwa, hatua ya kwanza inagusa katikati, ya pili inaruka robo ya safu, ya tatu thumni. Kila mara unachota funguo 16 na kutumia moja. Majirani wanaanza kufaa kwenye hatua nne hivi za mwisho. Na urefu wa safu ukiwa kipeo kamili cha 2, zile katikati za mwanzo huangukia seti ileile ya kache na kufukuzana, hata kama kwingine kuna nafasi.

Dawa niliyoipata ni mpangilio unaoitwa kwa jina la Michaël Eytzinger, ambaye mwaka 1590 alichapisha nasaba za watawala wa Ulaya kwa namba: mtu mwenyewe ni 1, baba yake 2, mama yake 3, baba wa mtu namba k ni 2k, mama ni 2k+1. Kwetu funguo ni mti: 2k ni tawi la kushoto, lenye funguo ndogo, na 2k+1 la kulia, lenye kubwa. Mzizi unatangulia, kisha ngazi ya pili yote, kisha ya tatu. Hakuna vielekezi vya kuhifadhi.

Chukua funguo saba: 10, 20, 30, 40, 50, 60, 70. Kuanzia nafasi ya 1 zinakuwa 40, 20, 60, 10, 30, 50, 70. Nafasi ya 0 iache wazi. Utafutaji ni huu, b ikiwa safu, n idadi ya funguo na x anwani inayotafutwa:

```c
uint32_t k = 1;
while (k <= n) {
    __builtin_prefetch(b + 16 * k);
    k = 2 * k + (b[k] < x);
}
k >>= __builtin_ffs(~k);
```

Tutafute 32. Kwenye 40 tunakwenda kushoto, k ni 2. Kwenye 20 kulia, k ni 5. Kwenye 30 kulia, k ni 11, tumetoka nje ya mti. Kwa biti, 11 ni 1011. Kila 1 ya mwishoni ni mara tuliyokwenda kulia, na 0 inayozitangulia ni mara ya mwisho tuliyokwenda kushoto, penye jibu. Mstari wa mwisho unafuta hizo 1 pamoja na ile 0. K inabaki 1, yaani 40. Ukitafuta 80, k inakuwa 0: hakuna jibu.

Utamu uko kwenye ule mstari wa `__builtin_prefetch`. Vizazi vya k vilivyo ngazi nne chini vinakaa nafasi 16k hadi 16k+15, bega kwa bega. Hujui bado utashukia kipi, lakini vyote 16 vimo katika mstari mmoja wa kache, kwa hiyo unauita mapema, na ukifika umeshawasili.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitenga safu kwa `malloc` ya kawaida, majibu yakawa sahihi lakini kasi haikupanda nilivyotarajia. Anwani ya mwanzo haikugawanyika kwa 64, hivyo kila kundi la 16 lilikatwa katika mistari miwili. Tumia hii, na idadi ya baiti uipandishe hadi igawanyike kwa 64:

```c
b = aligned_alloc(64, baiti);
```

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa programu haikulalamika: nilipanga upya funguo nikasahau nchi zilizoambatana nazo. Zihamishe kwa mpangilio uleule. Na kabla ya kuamini, linganisha majibu na ya utafutaji wa zamani kwa anwani nyingi za kubahatisha, ukihakikisha zimo zinazozidi 128.0.0.0, kwani aina ya `int` huzigeuza hasi, ndiyo maana natumia `uint32_t`.

Jedwali likienea lote kwenye kache ndogo, faida ni haba. Nyuzi nyingi zikitafuta kwa pamoja, kule kuita mapema kunakula upana wa njia ya kumbukumbu, basi pima ukiwa na idadi halisi ya nyuzi zako. Na kama kazi yako ni kusoma funguo mfululizo toka hii hadi ile, bakia na safu iliyopangwa kwa ukubwa, maana humu ufunguo unaofuata hauko jirani.