Moyo Wangu Ulikuwa Mzima

Juzi msomaji wa Tunduma kaniandikia. Anapeleka mchele Lubumbashi, anataka maneno ya Kifaransa ya kwenda nayo duka la dawa. "Wewe si umekisomea," ananiambia. Kunisifu huko kumenikumbusha aibu yangu.

Mwaka jana nilifika Lubumbashi na kiungulia kilichoniandama tangu mpakani Kasumbalesa. Kifua kinawaka, koo chungu. Kiswahili mji ule kimejaa, ningejieleza nikaeleweka. Lakini miaka miwili ya masomo ya jioni pale Mbeya iende bure? Nikaingia dukani kifua mbele: "J'ai mal au cœur" (zhe mal o ker). Nilidhani nimesema moyo unaniuma, maana ndiko kulikokuwa kunawaka. Mfamasia akauliza, "Depuis quand ?" (depwi kan), yaani tangu lini. "Depuis hier," tangu jana, nikajibu bila kigugumizi. Nilijiona kweli kweli.

Siku mbili nikameza vidonge, nikasinzia mchana kutwa, kiungulia kipo palepale. Mama mwenye nyumba ndiye aliyegeuza boksi na kunionyesha kwa kidole: "nausées et vomissements". Kichefuchefu na kutapika! Alicheka hadi akakaa chini. Bado inaniuma kidogo.

Basi, ndugu yangu, cœur ni moyo kweli, ila mwenye "mal au cœur" anataka kutapika. Kiungulia useme "J'ai des brûlures d'estomac" (zhe de brulur destoma). Kifua kikiuma hasa, ni "J'ai mal à la poitrine" (zhe mal a la pwatrin). Hiyo usiitumie kwa kiungulia cha maharage, maana anayeisikia atawaza moyo na kukuharakisha kwa daktari, na atakuwa sahihi.

Kwingine "j'ai mal" haina hila: au ventre ni tumbo, au dos mgongo, à la tête kichwa, aux dents meno. Ukichanganya au na à la utaeleweka tu. Ukitaja kiungo kisichouma ndipo balaa, kwa hiyo gusa panapouma useme "J'ai mal ici" (zhe mal isi), hapa. Mimi nilikuwa na kidole, nikakiacha mfukoni kwa sababu ya majivuno. Majivuno hayatibu, jamani.

Kabla ya kulipa, uliza "C'est pour quoi ?" (se pur kwa), ni ya nini hii? Ningeuliza hivyo ningesikia "vomissements" palepale. Kisha "Avant ou après le repas ?" (avan u apre le repa), kabla au baada ya kula? Akijibu "à jeun", anamaanisha tumbo likiwa tupu, kwa hiyo chapati ya asubuhi isubiri.

Na kama kuna dawa inayokudhuru, anza nayo: "Je suis allergique à la pénicilline," yaani penisilini inanidhuru. Hapo hata mimi nitakuruhusu uchanganye na Kiswahili.