Keki ya kukunja isipasuke

“Kila nikikunja keki inapasuka katikati. Nakosea wapi jamani?”

Bila shaka unasubiri ipoe ndipo ukunje. Piga mayai 4 na sukari gramu 100 mpaka ukiinua mashine povu lidondoke kama utepe, na alama yake ikae kidogo juu kabla ya kuzama. Chekechea unga gramu 100, uchanganye taratibu kwa mwiko. Ukivunja povu, keki inakuwa nzito na haipindiki. Mimina kwenye trei pana yenye karatasi, oka nyuzi 200 kama dakika 10. Ukiibonyeza ikarudi, toa! Ikizidi, kingo hukauka na ufa huanzia hapo. Ipindue ingali moto juu ya kitambaa chenye sukari, bandua karatasi, kunja pamoja na kitambaa. Ikipoa, ifungue, paka jamu, ikunje tena.