Tanbihi zimehama baada ya kutafsiri tasnifu

"Nimetafsiri tasnifu ya kurasa 210 kwa Kiswahili kwenye Word. Sasa 'tazama tanbihi 14' inampeleka msomaji kwingine, na pengine inatokea `Error! Bookmark not defined.` Nifanyeje? Niko Moshi."

Pole ndugu yangu. Mimi niko Arusha, na kazi hii imeshanitoa jasho. Weka nakala ya faili pembeni, kisha bonyeza Alt+F9. Palipo na `NOTEREF _Ref...` kuna kiungo; penye 14 tupu, namba iliandikwa kwa mkono na haitajirekebisha hata ukeshe nayo.

Ule ujumbe wa kosa kwa kawaida hutokea ukifuta kinamba cha tanbihi ukaweka kipya: alamisho iliyokizunguka inaondoka nacho. Fungua faili la Kiingereza uone tanbihi 14 ilisema nini, itafute kwenye tafsiri, kisha unganisha upya kupitia References, Cross-reference, Footnote. Usiamini namba, soma maneno. Kwangu tanbihi moja ya bei ya kahawa iligeuka kuwa 15 kwa sababu Kiswahili kilipindua mpangilio wa sentensi. Siku nyingine kihamishe kinamba kwa Ctrl+X na Ctrl+V.

Ukimaliza, bonyeza Alt+F9 tena ili namba zirudi, kisha Ctrl+A halafu F9. Hiyo haigusi viungo vilivyo ndani ya tanbihi zenyewe, kwa hiyo bofya ndani ya tanbihi yoyote urudie. Kisha tafuta `Error!` kabla hujachapa.