Mshahara wa kaunti umechelewa: mwambie mwenye nyumba tarehe gani?

Wiki iliyopita msomaji mmoja, karani katika hospitali ya kaunti, aliniandikia hivi: "Kaka, leo ni tarehe mbili, mshahara wa Julai haujaingia, ajenti ameshaanza kupiga simu. Nimwambie nini asinifungie mlango?" Nilimjibu kwa ufupi usiku uleule, lakini swali halikunitoka kichwani. Mimi nalipwa na kaunti jirani na ninaishi Umoja, na kila mwaka Julai na Agosti hunikuta pale pale alipo yeye. Na bado naishi kwenye nyumba ileile. Najivunia hilo, sitaficha.

Watu wengi hudhani kazi ya ujumbe wa kumwambia mwenye nyumba kodi itachelewa ni kumfanya amwonee huruma mpangaji. Sivyo. Mwenye nyumba ana mkopo wake wa benki, ana bili ya maji ya ploti nzima, na hadithi za wapangaji amezisikia zote. Kinachomtuliza ni tarehe, tena tarehe anayoweza kuona imetoka wapi. Ukimwambia "wiki ijayo Mungu akipenda", umemwambia hujui. Kwa hiyo kazi inaanza kabla hujaandika neno: tafuta pesa ziko wapi.

Usiulize ofisini "tutalipwa lini?" Swali hilo kila mtu atakujibu kwa kukisia. Uliza, "Pesa zimefika wapi?" Mshahara wa mfanyakazi wa kaunti hupitia milango kadhaa. Kwanza Hazina ya Taifa hutuma mgao kwenye akaunti ya Mfuko wa Mapato ya Kaunti, iliyoko Benki Kuu. Zikishaingia pale, kaunti bado haiwezi kuzigusa. Ni lazima ipeleke ombi kwa Msimamizi wa Bajeti, naye aidhinishe. Baada ya idhini ndipo kaunti hutuma pesa kwenye benki za biashara pamoja na orodha ya mishahara, kisha benki yako ikuwekee. Wenye akaunti katika benki inayotumiwa na kaunti huona pesa mapema. Sisi tunaolipwa kupitia vyama vya akiba na mikopo mara nyingi hungoja siku moja au mbili zaidi, huku wenzetu wakituonyesha simu zao.

Julai ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mgao mpya unategemea sheria zinazopitishwa Bungeni. Wanasiasa wakivutana, sisi ndio tunaofuatwa na ajenti. Mwaka 2019 kaunti zilikaa hadi Septemba huku Seneti na Bunge la Taifa wakivutania kiasi cha mgao. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, mvutano ulirudi: maseneta wakitaka Sh400 bilioni, wabunge Sh380 bilioni, na mwishowe wakaafikiana kwa Sh387.4 bilioni mwaka ukiwa karibu kuisha. Nakuambia haya uyajue wewe. Usiyaweke kwenye ujumbe wa kodi. Mwenye nyumba wako anasikiliza redio kama wewe, na taarifa ya habari hailipi nyumba.

Sasa nikupe hesabu yangu ya Agosti moja, ndiyo utaelewa tarehe hutoka wapi. Kodi yangu ilikuwa Sh17,000, maji Sh700, na mkataba unasema mwisho ni tarehe tano, ukipita unatozwa asilimia kumi ya kodi. Tarehe 1 ilikuwa Ijumaa. Jioni hiyo nilimpigia dada mmoja wa ofisi ya mishahara, mtu ambaye huwa namsalimia hata wakati sina shida (hilo nalo ni ushauri). Akaniambia mgao umeingia kwenye akaunti ya Benki Kuu mchana ule, ombi litaenda Jumatatu.

Basi nikahesabu kwa siku za kazi, wikendi nikizitupa nje. Ombi Jumatatu tarehe 4. Idhini, nikiipa siku tatu, Alhamisi tarehe 7. Pesa kwenye benki Ijumaa tarehe 8. Chama chetu cha akiba kuziona Jumatatu tarehe 11. Nikaongeza siku mbili za makosa, kwa sababu kila mara kuna orodha inayorudishwa kwa namba moja ya akaunti iliyokosewa. Ndipo nikapata Jumatano tarehe 13. Hiyo ndiyo niliyoandika. Kumwambia mtu tarehe 8 kwa sababu inapendeza masikioni, halafu umpigie tena tarehe 9, ni kujichimbia kaburi.

Lakini kuna kitu watu husahau. Mshahara ukichelewa, mkopo uliokuwa ukatwe mwisho wa Julai haukukatwa, kwa hiyo unangojea mlangoni. Siku pesa zinapoingia, benki inachukua rejesho lake pamoja na faini ya kushindwa kukata mara ya kwanza, kabla hujafungua simu. Mwaka ule mimi nilikuwa na rejesho la Sh9,500. Ungeniona nikiahidi kodi kwa kuangalia mshahara mzima ulioandikwa kwenye hati, ningeaibika. Toa kwanza kitakachochukuliwa bila kukuuliza, toa nauli ya kukufikisha kazini hadi mwisho wa mwezi, kisha uone kama kodi yote inatosha. Na Agosti usisahau shule zinafunguliwa muhula wa tatu mwisho wa mwezi. Karo nayo inatazama mshahara huohuo.

Mimi nilikuwa na Sh6,000 pembeni, zamu yangu ya chama. Nikazilipa Jumatatu tarehe 4, kabla ya siku ya mwisho. Malipo ya sehemu kabla ya tarehe tano yana uzito kuliko maelezo yoyote, kwa kuwa yanaonekana kwenye taarifa ya ajenti kama mpangaji aliyeanza kulipa. Hata Sh3,000 si haba. Ujumbe wangu niliutuma Jumamosi tarehe 2 asubuhi:

"Habari ya asubuhi, Mama. Mimi wa nyumba B7. Mshahara wetu wa kaunti wa Julai umechelewa. Nimekuambatishia barua ya mwajiri. Jumatatu tarehe 4 nitalipa Sh6,000 kwa namba ya kulipia ya kawaida. Salio la Sh11,700, kodi pamoja na maji, natarajia kulimaliza Jumatano tarehe 13. Ijumaa tarehe 8 nitakujulisha pesa zimefika wapi, hata kama hakuna jipya. Nimemjulisha pia ajenti. Asante kwa uvumilivu."

Angalia yasiyomo. Hamna ugonjwa wa mtoto, hamna serikali hii, hamna "wewe ni kama mzazi wangu". Jina la nyumba limo, kwa sababu mwenye ploti ya vyumba arobaini hajui wewe ni nani. Kiasi kimo, na tarehe zina majina ya siku, maana "tarehe 13" peke yake mtu huisoma akapita. Barua ya mwajiri imo. Mara nyingi idara ya wafanyakazi hutoa waraka wa kueleza kucheleweshwa kwa mishahara. Piga picha, tuma. Kama hawajatoa, hati yako ya mshahara wa Juni na taarifa ya benki ya mwezi uliopita zinaonyesha kwamba huwa unalipwa tarehe fulani na safari hii hakuna. Ficha namba ya akaunti kwanza.

Na mtumie ajenti kabla ya mwenye nyumba, au wote dakika ileile. Ajenti akisikia habari yako kutoka kwa bosi wake, ataona umemruka, na yeye ndiye mwenye kufuli. Msimamizi wa ploti mwambie kwa mdomo tu, usimwachie yeye kazi ya kufikisha. Maneno yakipita kwake hufika yakiwa "yule wa B7 anasema hana".

Ajenti wangu, kwa taarifa yenu, alinijibu kwamba hata mama mboga wa nyumba ya chini ameshalipa, sembuse mtu wa serikali. Lilinichoma. Nililala nalo, na hadi leo nikipita ofisini kwake sinywi chai yake. Lakini sikumjibu, na wewe usijibu. Unapojibu ujumbe wa dharau kwa dharau, ujumbe wako wa tarehe unafukiwa chini, na ndio ushahidi wako. Mtumishi wa umma ajifunze kunyamaza mahali ambapo kunyamaza kunalipa.

Ijumaa tarehe 8 nilituma mstari mmoja: idhini imetoka, benki inangojewa. Mshahara ukaingia Jumanne tarehe 12, nikalipa siku hiyohiyo. Faini? Ajenti alitaka Sh1,700, asilimia kumi ya kodi yote. Nikamwomba aihesabu kwa kodi iliyobaki baada ya tarehe tano, yaani Sh11,000 bila maji, na ikawa Sh1,100. Kisheria sikuwa na cha kushikilia, mkataba ulisema kodi, basi. Lakini nilikuwa nimelipa sehemu mapema na nimetimiza tarehe, kwa hiyo nilikuwa na mdomo wa kuomba. Omba baada ya kumaliza salio, si kabla. Usiniulize kuhusu kodi kukatwa kwenye depositi, wenye nyumba wengi wameandika kwenye mkataba kwamba depositi si kodi, na ukiianzisha hiyo hoja watadhani unajiandaa kuhama usiku.

Sasa wewe ndugu uliyeniandikia, hali yako ni ngumu kidogo kuliko yangu, kwa sababu umesema mgao wenyewe haujaingia Benki Kuu. Hapo usitoe tarehe ya mshahara hata ukibanwa vipi. Huna msingi wake. Toa tarehe mbili unazozimiliki: ya kulipa hicho kidogo ulichonacho, na ya kutoa habari, kila Ijumaa hadi mgao uingie. Mwambie waziwazi kwamba siku pesa zikiingia Mfuko wa Kaunti utampa tarehe ya salio, na kwamba kuanzia hapo huchukua wiki moja hadi siku kumi za kazi. Ajenti atanung'unika. Atanung'unika zaidi ukimpa Jumatatu ambayo wewe mwenyewe huijui.

Na ikitokea umetoa tarehe halafu orodha imerudishwa, mtumie ujumbe siku moja kabla tarehe haijafika, pamoja na chochote ulichonacho, hata kama ni elfu moja.