Dodoso la OPD: wastani unawaficha wagonjwa

Dodoso letu la wagonjwa wa nje lina maswali 34. Tubakize mangapi?

Sita. Kama jibu baya la swali halimfanyi mtu yeyote pale kituoni abadilishe kitu, lifuteni.

Asilimia 96 wameridhika. Tubandike ukutani?

Msibandike kwanza. Nani aliwapa wagonjwa fomu? Nilishawahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja hapa Moshi, muuguzi mwenye sare akawa anamsomea bibi mmoja: "Umeridhika, eti bibi?" Bibi akajibu, "Ndiyo mwanangu, asante." Bado alikuwa hajapata dawa. Angesema nini?

Fomu itolewe baada ya dirisha la dawa, na mtu asiyemhudumia mgonjwa huyo. Asiyejua kusoma asomewe pembeni. Tena ulizeni kilichotokea, siyo kuridhika: "Ulielezwa dawa uitumieje?" Adabu yetu hujibu "nimeridhika" hata pale tumbo linapouma.

Swali la maelezo ya dawa limepata wastani wa 3.65 kati ya 5. Ni nzuri?

Mnaniuliza wastani tena! Bora mmenitumia na hesabu yenyewe. Fomu 40: waliotoa 5 ni 22, waliotoa 4 ni wanne, 3 wawili, 2 wawili, na 1 ni kumi. Mgonjwa wa 3.65 hayupo. Yupo aliyeelezwa vizuri, na yupo aliyesukumiwa bahasha ya vidonge akaambiwa "mwingine". Hao wa 1 na 2 ni 12 kati ya 40, yaani asilimia 30. Namba ya kupeleka kwenye kikao ni hiyo.

Kwa kalamu, chora safu tano na upige vijiti. Fomu 40 haziwezi kukumalizia chai. Kwenye Excel, majibu yakiwa safu ya B:

```
=COUNTIF(B2:B41,"<=2")/COUNT(B2:B41)
```

Angalizo ambalo hamkuliuliza: asiyejibu, au ambaye hakuandikiwa dawa, mwacheni wazi. Mkimwekea 0, fomula itamhesabu kama mlalamikaji.

Kisha tazameni siku. Kama hao 12 wengi ni wa Jumatatu, shida inaweza kuwa foleni na mtu mmoja dirishani, wala siyo tabia ya mfamasia. Kwa hiyo tarehe na saa ziandikwe juu ya kila fomu.

Fomu 20 zinatosha?

Kwa kugundua uozo, ndiyo. Kwa kusema "tumepanda kutoka mwezi uliopita", hapana. Asilimia 30 ya fomu 20 inaweza kuwa 15 au hata 50 mkiwauliza wote. Kwa fomu 100 inabaki kati ya 22 na 40 hivi. Na msichukue wa asubuhi pekee.

Tuandike jina la mgonjwa?

Hapana. Wala namba ya faili.