Diski ya pili haionekani: azima nyaya za draivu ya DVD kabla ya kuilaumu diski

Swali: "Wakuu, nimefunga diski ya pili ya inchi 3.5, ujazo 1 TB, kwenye kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika. Ya kwanza inafanya kazi vizuri, hii mpya haionekani popote, hata ndani ya BIOS haipo. Kebo ya data nimeshabadilisha mara mbili. Niirudishe dukani? Nipo Makambako."

Ndugu, usiirudishe bado. Kubadilisha kebo ya data kuna maana pale tu ambapo umeme unafika kwenye diski na tundu la ubao mama limeruhusiwa kufanya kazi, kwa sababu kimojawapo kati ya hivyo kikikosekana, kebo nzima na kebo mbovu zitakupa jibu lilelile. Nalisema hili kwa kuwa mwaka juzi, katika kibanda changu cha kuchapa picha hapa Mwanjelwa, Mbeya, nilinunua kebo tatu kwa ajili ya diski ambayo haikuwa na ubaya wowote. Kompyuta yangu nayo ilikuwa imetoka ofisini, na mwishowe nilikuta makosa mawili yaliyokuwa yakifichana.

Jambo ambalo ningelifanya kwanza, na ambalo sikulifanya, ni kuazima nyaya za kifaa ambacho tayari kinaonekana. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha. Huku kwetu miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na kila mtu amevaa sweta, na sweta la sufu hukusanya umeme tuli kuliko watu wanavyodhani. Baada ya hapo chomoa nyaya zote mbili za draivu ya DVD, yaani ule mpana wa umeme na ile kebo nyembamba ya data, uzichomeke kwenye diski mpya bila kugusa upande wa pili wa kebo uliopo kwenye ubao mama. Kwa hatua hiyo moja diski inapata umeme, kebo na tundu ambavyo vyote vimekuwa vikifanya kazi. Washa, ingia BIOS, utazame orodha ya diski.

Kama draivu yako ya DVD ni ile nyembamba ya aina ya kompyuta mpakato, plagi yake ya umeme ni fupi na haitaingia kwenye diski, kwa hiyo usiilazimishe. Badala yake azima nyaya za diski ya kwanza. Windows haitawaka, lakini hapo hauihitaji, kwani unachotaka ni kuiona diski mpya ndani ya BIOS tu. Ukisharudisha nyaya mahali pake, hakiki kwamba diski ya zamani bado ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kuwashia.

Diski ikionekana kwa nyaya za kuazima, basi ni nzima, na unaanza kurudisha vitu vyake vya awali kimoja kimoja hadi ipotee tena. Anza na umeme. Diski ya inchi 3.5 huzunguka, hivyo shika ubavu wake kwa vidole kompyuta inapowaka, bila kugusa upande wenye saketi, na ndani ya sekunde chache utausikia mtetemo mwepesi. Kipimo hiki hakifai kwa SSD, ambayo haina kinachozunguka. Yangu ilikuwa kimya kabisa.

Pawasaplai yangu haikuwa na plagi ya SATA iliyobaki, kwa hiyo nilitumia waya wa kugawanya uliounganishwa kwenye plagi ya zamani yenye pini nne za duara. Nilipoikagua kwa tochi niliona kwamba kipande cha shaba cha waya wa njano kilikuwa kimerudi nyuma ndani ya plastiki, kikawa hakigusani na mwenzake. Waya wa njano hubeba volti 12 na mwekundu hubeba volti 5. Injini ya diski kubwa hutegemea zile 12, na ndiyo maana saketi yake ilikuwa inapata volti 5 huku diski yenyewe haizunguki. Ukiwa na mita, weka ncha moja kwenye waya mweusi na nyingine kwenye wa njano. Inayokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6, na kwa mwekundu ni kati ya 4.75 na 5.25. Kama hujawahi kupima nyaya kompyuta ikiwa inawaka, mwachie fundi, maana ncha ya mita ikiteleza ikaunganisha nyaya mbili utaongeza hasara nyingine. Mimi nilinunua mgawanyo mwingine, mtetemo ukaanza, nikafurahi mapema mno.

Nilifurahi mapema kwa sababu BIOS iliendelea kuonyesha diski moja. Kwa kebo ya DVD na tundu lake diski ilionekana. Nikaiacha kebo ileile lakini nikaihamishia kwenye tundu lililoandikwa SATA2, ikapotea. Hapo kebo ilikuwa imeshajisafisha yenyewe, na mshukiwa akabaki mmoja, yaani tundu. Katika BIOS ya mashine yangu kuna ukurasa wa `System Configuration`, na ndani yake `Drives`, wenye visanduku vya `SATA-0`, `SATA-1` na kuendelea. Viwili vya mwanzo vilikuwa na alama ya tiki, cha `SATA-2` hakikuwa nayo. Inaelekea waliokuwa na mashine kabla yangu walifunga matundu wasiyoyatumia. Niliweka tiki, nikahifadhi, nikawasha upya, diski ikatokea na ujazo wake kamili. BIOS nyingine huita ukurasa huo kwa jina tofauti, lakini kinachotafutwa ni kilekile: namba iliyochapwa kwenye ubao kando ya tundu ifanane na namba iliyoruhusiwa ndani ya BIOS.

Iwapo ubao wako una nafasi ya M.2 na umeshaweka SSD humo, zipo bodi ambazo huzima tundu moja au mawili ya SATA pindi nafasi hiyo inapotumika, na hapo hakuna tiki itakayosaidia. Jedwali la kitabu cha ubao hutaja ni matundu yapi, nawe unahamia jingine.

Sasa kuhusu dukani. Diski ikitetemeka kwa nyaya za kuazima lakini BIOS isiione, au ikigonga tak-tak na kunyamaza, ijaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine kwa namna hiyohiyo. Ikikataa na huko, irudishe, na umweleze muuzaji majaribio uliyofanya. Ikionekana ndani ya BIOS lakini si ndani ya `This PC`, usirudi tena kwenye nyaya, kwa sababu diski mpya kabisa huwa haina kizigeu chochote na Windows haiwezi kuipa herufi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

```
diskmgmt.msc
```

Ukiiona imeandikwa `Not Initialized`, chagua `GPT`, kisha tengeneza kizigeu kwenye eneo la `Unallocated`, ukihakikisha kwanza kwa ujazo wake kwamba hujaishika diski ya zamani. Lakini kama diski hii nayo ilishatumika na ina mafaili ya mtu, usikubali kuiandaa wala kuifomati. Funga dirisha hilo, uje hapa utueleze ilitoka kwenye mashine gani.