Mita Moja, Familia Nne: Bili ya Maji Inapandia Wapi

Juzi dada mmoja wa Barani kanitumia picha ya bili, wako familia nne kwenye ploti na mita ni moja, anauliza "kaka, kuna mtu anatuibia maji?" Nikacheka lakini kwa uchungu, maana mimi ndio nakusanya pesa ya maji kwenye ploti yetu hapa Malindi na kuna jirani alishanitangaza mwizi mpaka barazani kwa watu, na mpaka leo hajaniomba radhi.

Dada, hamuibiwi, ni ngazi, yaani mita ikisoma zaidi, bei ya kila yuniti inayozidi inapanda. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 yale ya lita 20. Tuchukue bei za mfano tu, za kwenu zisome kwenye bili: yuniti 6 za kwanza shilingi 60 kila moja, ya 7 mpaka ya 20 shilingi 90, zinazozidi hapo 120, halafu ada ya mita 100 kila mwezi utumie usitumie. Kila familia ikitumia yuniti 7, ambayo haifiki hata madumu 12 kwa siku, mita inasoma 28. Kompyuta haijui mko wanne, inaona nyumba moja yenye fujo ya maji: 360, jumlisha 1,260, jumlisha 960, na ada, jumla 2,680. Zile yuniti 8 za juu mmezilipia mara mbili ya bei ya chini na hakuna hata mmoja wenu aliyemwaga.

Mimi nilienda ofisini, nikaomba akaunti iandikwe nyumba nne. Walinizungusha weee lakini nilikomaa. Wakikubali, 28 inagawanywa kwa 4, kila nyumba inapanda ngazi zake: 360 na 90 na ada 100, ni 550. Mara nne ni 2,200. Huyo aliyeniita mwizi naye anafaidi, sawa tu.

Sasa msikimbilie, watu wa Malindi tunapenda kukimbilia. Ada nayo inazidishwa kwa nne, na bili ya chini pia, yaani kile kiasi ambacho bili haishuki chini yake hata mkitumia kidogo. Tuseme bili ya chini ni 400 kwa nyumba, halafu likizo watu wamesafiri, mita imesoma 8 tu. Kwa akaunti ya nyumba moja mngelipa 640. Kwa nyumba nne, kila moja ina yuniti 2, ni 120 na ada 100, jumla 220, inasukumwa mpaka 400, ploti nzima 1,600. Kwa hiyo ploti yenye vyumba vitupu, ya wageni wa msimu, afadhali ibaki ilivyo. Ya familia zinazokaa mwaka mzima, badilisheni, lakini chukueni bili za mwaka mpige hesabu zote mbili mwezi kwa mwezi, na muulize mapema kama ile 400 ina ada ndani yake, maana kama ada inakuja juu yake hiyo 1,600 inakuwa 2,000.